Ngazi ya Maumivu ya Mtoto: Dawa Ipi, Lini na Kwa Kipimo Gani

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wazazi, walezi na wahamasishaji wa afya ya jamii katika kikao cha uhamasisho kuhusu huduma za watoto wenye selimundu.



Mazungumzo ya leo yanahusu jambo moja: mtoto anapoumwa, mzazi na muuguzi wataamuaje dawa ya kumpa? Katika nyumba nyingi uamuzi huo hufanywa kwa kuangalia dawa iliyobaki kabatini. Mtoto analia, dawa ipo, anapewa. Akiendelea kulia anaongezewa. Hapo ndipo makosa mawili makubwa huzaliwa. Kosa la kwanza ni mtoto mwenye maumivu makali kuachwa usiku kucha na dawa isiyomtosha. La pili ni mtoto kupewa dawa ya mtu mzima ambayo inaweza kumsimamisha pumzi.

Wahudumu wa afya wana njia ya kuyaepuka makosa yote mawili. Njia hiyo huitwa ngazi ya maumivu. Maana yake ni kwamba dawa za kutuliza maumivu hupangwa kwa vidato kama ngazi ya kupandia dari. Maumivu madogo hutibiwa kwa dawa za kidato cha chini, na maumivu makali kwa dawa za kidato cha juu. Maumivu yakipungua, mtoto hushushwa kidato kwa kidato.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi hiyo mwaka 1986 kwa wagonjwa wa saratani, nayo ilikuwa na vidato vitatu. Mwaka 2012 shirika hilo lilitoa mwongozo wa watoto wenye maumivu ya kudumu yanayotokana na magonjwa, na katika mwongozo huo kidato cha katikati kiliondolewa. Ngazi ya mtoto ina vidato viwili tu. Sababu ya kuondolewa kwa kidato hicho itaelezwa mbele kidogo, kwa kuwa ndiyo inayogusa dawa nyingi zilizomo majumbani.

Ili jambo hili lieleweke, tumfuate mtoto mmoja wa mfano kuanzia jioni ya Ijumaa hadi atakaporudi kucheza. Ana miaka 5 na uzito wa kilo 16. Ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi unaopatikana zaidi katika kaunti za Pwani na za ukanda wa Ziwa Victoria, ambako malaria imekuwako kwa vizazi vingi. Chembe nyekundu za damu yake hujikunja kama mundu, zikanasa katika mishipa midogo na kuzuia damu kupita. Sehemu ya mfupa isiyopata damu huuma, na uchungu wake unaweza kuwa mkali mno. Vidato vyote vya ngazi hii vinaweza kuhitajika katika usiku mmoja.

KWANZA PIMA, KISHA TIBU

Saa kumi na mbili jioni mtoto anaacha kucheza. Anakaa mlangoni ameshika paja. Mama anamwuliza, "Mwanangu, nini?" Mtoto anasema mguu unauma.

Kabla ya kugusa chupa ya dawa, mama anahitaji kujua maumivu hayo ni makubwa kiasi gani. Mtoto wa miaka 5 hawezi kueleza vizuri, na mtoto mchanga hawezi kabisa. Kwa hiyo wahudumu huangalia mambo matano: uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio, na kutulizika. Kila jambo hupewa alama 0, 1 au 2, na jumla huwa kati ya 0 na 10.

Uso uliotulia ni 0. Ukikunjamana mara moja moja ni 1. Ukikunjamana muda wote na meno yamekazwa ni 2. Miguu iliyolegea kama kawaida ni 0, isiyotulia ni 1, inayorusha mateke au iliyokunjwa tumboni ni 2. Mtoto anayelala au kukaa kwa raha hupata 0 kwa mwendo wa mwili. Anayejigeuzageuza hupata 1. Anayejipinda, au aliyekakamaa kwa kuogopa kusogea, hupata 2. Asiyelia ni 0, anayegumia au kunung'unika ni 1, anayelia mfululizo ni 2. Mwisho, aliye na utulivu ni 0, anayetulia akibebwa au akiongeleshwa ni 1, asiyetulizika kwa lolote ni 2.

Jumla ya 1 hadi 3 ni maumivu madogo. Ya 4 hadi 6 ni ya wastani. Kuanzia 7 ni makali.

Mtoto wa mfano wetu anakunja uso mara moja moja, miguu yake haitulii, na anagumia kidogo. Hajigeuzi, na anakaa vizuri mapajani mwa mama. Jumla ni 3. Maumivu ni madogo kwa sasa.

Hapa kuna tahadhari moja. Mtoto aliyeumwa kwa muda mrefu huweza kuacha kulia. Hulala kimya, hataki kuguswa, hataki kucheza, wala hamtazami mtu. Nyanya anaweza kusema, "Amepoa sasa, mwacheni alale." Huenda hajapoa, bali amechoka kulia. Mguse sehemu inayouma taratibu na umtazame usoni. Mtoto aliyepata nafuu husogea mwenyewe, huomba kinywaji, huuliza mambo. Aliye kimya kwa maumivu hujikaza kama ubao.

Jambo jingine ni kwamba alama hizi hupima maumivu peke yake, hazipimi hatari. Mtoto mwenye selimundu apelekwe hospitali mara moja, hata kama alama zake ni 2, akiwa na joto la nyuzi 38.5 au zaidi, akipumua kwa shida au kuumwa kifua, viganja na midomo ikiwa imepauka, tumbo likivimba upande wa kushoto, upande mmoja wa mwili ukilegea, au akishindwa kunywa. Hapo dawa ya maumivu haichukui nafasi ya safari.

KIDATO CHA KWANZA

Kidato cha kwanza kina dawa mbili: parasetamoli na ibuprofeni. Mtoto wa chini ya miezi 3 hapewi ibuprofeni kabisa. Aspirini nayo haiko katika ngazi hii, kwa sababu mtoto akiitumia wakati ana ugonjwa wa virusi anaweza kupata madhara ya ghafla ya ini na ubongo.

Kipimo cha dawa hizi hutokana na uzito wa mtoto. Umri hukisia tu. Watoto wawili wa miaka 5 wanaweza kuwa na kilo 13 mmoja na kilo 20 mwingine, hasa kama mmoja ana ugonjwa wa muda mrefu. Uzito wa karibuni umo katika kijitabu cha kliniki, na kama umepitwa na wakati, mhamasishaji wa afya au zahanati itampima.

Kipimo cha parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isiyozidi mara 4 katika saa 24. Kilo 16 mara miligramu 15 ni miligramu 240. Sasa mama anasoma chupa. Dawa ya maji inayouzwa kwa wingi ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Miligramu 240 kwa hiyo ni mililita 10. Anaivuta kwa sirinji isiyo na sindano au kwa kikombe kidogo kilichokuja na chupa. Kijiko cha jikoni hakitumiki, kwa maana vijiko havilingani. Kile cha chai cha nyumba hii kinaweza kubeba mililita 3 na cha jirani mililita 6.

Kusoma chupa ni lazima kwa sababu dawa ile ile huuzwa kwa nguvu tofauti. Matone ya watoto wachanga huwa mazito kuliko dawa ya maji ya kawaida, ingawa chupa yake ni ndogo na huonekana kama dawa nyepesi. Mzazi akitoa mililita 10 za matone akidhani ni dawa ya kawaida, atakuwa amempa mtoto dawa nyingi mno.

Mama anampa mililita 10 saa kumi na mbili jioni. Anaandika saa na kipimo katika daftari. Anampa maji ya kunywa kwa wingi, anamfunika, na kuweka kitambaa chenye joto la wastani kwenye paja. Barafu haitumiki kwa mtoto wa selimundu, kwa sababu baridi hukaza mishipa na kuzidisha kunasa kwa damu.

Baada ya saa moja anapima tena. Huu ndio moyo wa ngazi nzima: kila dawa ina wakati wake wa kufanya kazi, na muda huo ukiisha lazima maumivu yapimwe upya. Parasetamoli ya kunywa huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja. Saa moja usiku alama zimepanda hadi 5.

Afanye nini? Wazazi wengi hapa humwongezea parasetamoli. Hilo ni kosa. Parasetamoli ina dari: ukivuka kipimo, maumivu hayapungui zaidi, ila ini ndilo linaloanza kuumia. Mtoto aliyezidishiwa parasetamoli huweza kuonekana mzima siku ya kwanza, akatapika kidogo tu, huku ini likiharibika. Ndiyo sababu mzazi akigundua kuwa dawa imezidi, asisubiri dalili. Aende hospitali saa hiyo hiyo na achukue chupa. Ipo dawa ya kulikinga ini, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Mzazi akumbuke pia kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Mtoto anayepewa dawa ya mafua na dawa ya maumivu pamoja anaweza kuwa anakunywa dawa moja mara mbili.

Mama wa mfano wetu hamwongezei parasetamoli. Anaongeza dawa ya pili ya kidato hicho hicho. Ibuprofeni hufanya kazi kwa njia nyingine, kwa hiyo zikiwa pamoja husaidiana. Kipimo chake ni miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo, kila baada ya saa 8. Kilo 16 mara 10 ni miligramu 160. Chupa yake ina miligramu 100 katika mililita 5, kwa hiyo ni mililita 8. Anampa baada ya uji, kwani ibuprofeni huchubua tumbo tupu, kisha anaandika katika daftari.

Mama huyu ana ruhusa ya kuitumia. Kliniki ya selimundu ilimwelekeza baada ya kuhakikisha kwamba figo za mtoto ni nzima. Ibuprofeni haifai kwa mtoto anayeharisha au kutapika hadi amekaukiwa maji, mwenye ugonjwa wa figo, anayetokwa damu, au anayeshukiwa kuwa na homa ya dengi, ambayo huzuka mara kwa mara Pwani na huweza kuleta kutokwa na damu. Kwa mtoto wa namna hiyo, kidato cha kwanza kina parasetamoli peke yake mpaka mhudumu aseme vingine.

KIDATO KILICHOONDOLEWA

Saa mbili na nusu usiku mtoto analia mfululizo, hatulizwi, amekaza mwili na hataki mguu uguswe. Uso umekunjamana. Alama ni 8. Dawa zote mbili za kidato cha kwanza zimepewa kwa kipimo kamili, na zimepata muda wa kufanya kazi. Nyumbani hakuna kidato kingine. Ni wakati wa kwenda hospitali.

Ndipo mjomba anaingia na kidonge. Mwaka jana alianguka na bodaboda, na hospitali ilimpa vidonge vya tramadoli. Vimebaki vinne. "Dada, mpe nusu tu alale," anasema, "asubuhi mtaenda."

Mjomba hana nia mbaya, na ushauri wake husikika katika nyumba nyingi. Lakini unaweza kuua. Tramadoli na kodeini ndizo zilizokuwa dawa za kidato cha katikati. Kodeini yenyewe haitulizi sana. Ini la mgonjwa huigeuza kuwa mofini, na mofini hiyo ndiyo inayotuliza. Kasi ya kugeuza hutegemea alichorithi mtu kwa wazazi wake. Kuna watoto ambao maini yao hayageuzi karibu chochote, nao hubaki na maumivu kana kwamba wamepewa maji. Kuna wengine ambao maini yao hugeuza kwa kasi mno. Mtoto wa namna hii akipewa kipimo kile kile, mofini humjaa mwilini kwa ghafla, analala usingizi mzito, na pumzi zinapungua hadi kukoma. Vifo vya aina hiyo viliandikwa katika nchi mbalimbali, vikiwamo vya watoto waliopewa kodeini baada ya kukatwa tezi za koo. Tramadoli nayo hugeuzwa na ini kwa njia hiyo hiyo, na pia inaweza kuleta degedege.

Hakuna mtu anayeweza kumtazama mtoto usoni akajua ini lake ni la aina gani. Kwa hiyo dawa hizo haziwafai watoto wa chini ya miaka 12. Vilevile kidonge cha tramadoli cha mtu mzima kina miligramu 50, na nusu ya kidonge au unga wa kapsuli iliyofunguliwa haukisiwi kwa jicho.

Mama anamjibu kaka yake, "La, kaka. Hiyo ilikuwa dawa yako. Tutafutie gari." Na hata kama angekuwa amekwisha kumpa, jambo la kufanya lingekuwa kumweleza muuguzi ukweli wote. Mtoto mwenye tramadoli mwilini akiongezewa dawa nyingine ya jamii hiyo, hatari ya kulemewa pumzi huwa kubwa zaidi. Mzazi asifiche kwa kuogopa kugombezwa.

KIDATO CHA PILI

Saa tatu usiku wanafika hospitali. Muuguzi anamwuliza mama mambo matatu: mtoto ana kilo ngapi, amepewa nini, na saa ngapi. Mama anamkabidhi daftari. Ukurasa ule mmoja unaokoa muda, kwa sababu bila huo muuguzi asingejua kama parasetamoli inaweza kurudiwa au la.

Alama bado ni 8. Hayo ni maumivu makali, na mtoto mwenye maumivu makali haanzishwi upya kidato cha chini ili kuona kama yatamtosha. Anapelekwa moja kwa moja kidato cha pili, yaani mofini. Ndivyo inavyokuwa pia kwa mtoto aliyeungua vibaya kwa uji wa moto au aliyevunjika mfupa wa paja. Ngazi hii hairukwi kwa mchezo, lakini pia haipandwi kidato kwa kidato wakati mtoto tayari yuko juu kwa maumivu.

Kwa mtoto wa miaka 1 hadi 12, mofini ya kunywa huanzishwa kwa miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4. Afisa wa kliniki anaanza chini: kilo 16 mara 0.2 ni miligramu 3.2. Dawa ya maji ya hospitali hiyo ina miligramu 1 katika kila mililita 1, kwa hiyo ni mililita 3.2. Ipo mofini ya maji yenye nguvu mara kumi ya hiyo. Ndiyo maana wahudumu wawili husoma chupa pamoja na kukubaliana kabla ya dawa kutolewa. Mofini huhifadhiwa katika kabati lenye kufuli na kila mililita huandikwa katika daftari lake.

Mama anaogopa. Amesikia kwamba mofini ni dawa ya watu wanaokaribia kufa. "Sista, mtoto wangu ndiyo basi?" anauliza. "Na hatazoea?"

"Hapana, Mama," muuguzi anamjibu. "Anapewa kwa sababu maumivu ni makali. Yakipungua tutaipunguza na kuiacha."

Jibu hilo ni sahihi. Mofini inayotolewa kwa siku chache kwa kipimo kinachofuata maumivu haimfanyi mtoto kuwa mraibu. Ikitumika kwa muda mrefu mwili huizoea, kwa hiyo hupunguzwa polepole badala ya kukatwa ghafla. Hilo si sawa na uraibu, ambao ni kuitafuta dawa bila maumivu na kushindwa kujizuia.

Kinachotakiwa kuangaliwa ni pumzi na usingizi. Mtoto aliyekesha kwa maumivu atalala akipata nafuu, na hilo ni jema. Akiguswa atafungua macho na kujibu. Mtoto aliyezidiwa na mofini haamki vizuri akiguswa na kuitwa, na pumzi zake huwa chache, fupi, zenye kusita. Muuguzi huhesabu pumzi kwa dakika nzima. Akiona dalili hizo humsaidia kupumua na kumpa naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini. Mzazi aliye kando ya kitanda ndiye anayeweza kuona mabadiliko haya mapema, basi asione haya kumwita muuguzi. Madhara mengine, kama kichefuchefu na kuwashwa, huisha. Lile lisiloisha lenyewe ni kufunga choo, na kwa sababu hiyo dawa ya kulainisha choo huanza pamoja na mofini.

Mtoto wetu anapewa mofini saa tatu na nusu. Saa nne na nusu alama ni 4. Anakunywa maji, anamwuliza mama kama mjomba ameenda nyumbani, halafu analala.

Dawa za kidato cha kwanza haziachwi. Saa sita usiku anapewa parasetamoli, kwa kuwa saa 6 zimetimia. Saa saba na nusu anapewa mofini ya pili, na saa tisa usiku ibuprofeni. Dawa hizi zikishikana mikono, mofini inayohitajika huwa ndogo. Na zinatolewa kwa saa, sio kwa kilio. Ukisubiri mtoto alie ndipo umpe, utakuta maumivu yamekwisha kupanda tena, na kuyashusha kutahitaji dawa zaidi kuliko kuyazuia.

Kama mtoto angekuwa anatapika, mofini ingepitishwa kwenye mshipa kwa kipimo kidogo zaidi. Sindano ya msuli wa paja au tako huepukwa, maana inaongeza uchungu, na mtoto anayeogopa sindano hujifunza kuficha maumivu yake.

KUSHUKA NGAZI

Alfajiri alama ni 3, na mchana wa Jumamosi zinabaki hapo hata baada ya muda wa mofini kukaribia kuisha. Afisa wa kliniki anapunguza mofini. Jumapili jioni anaiondoa, na mtoto anabaki na parasetamoli na ibuprofeni. Jumatatu anaruhusiwa kwenda nyumbani na dawa zote mbili. Ibuprofeni inaachwa kwanza, kisha parasetamoli, mtoto akiwa anatembea bila kuchechemea. Hakuna mofini iliyobaki nyumbani, na vile vidonge vinne vya mjomba mama anaomba virudishwe kwa mfamasia.

Kushuka nako kuna ishara zake. Dawa moja huondolewa kwa wakati, na maumivu hupimwa baada ya kila hatua. Alama zikirudi 4 au zaidi, dawa iliyoondolewa hurudishwa na sababu hutafutwa. Maumivu yanayokataa kushuka baada ya siku kadhaa, au yanayobaki mahali pamoja penye uvimbe na joto, huenda yakawa ni usaha ndani ya mfupa, na hilo halitibiwi kwa kupanda ngazi. Dawa ya maumivu humpa mtoto nafuu wakati daktari anatafuta chanzo, lakini haiwezi kuwa jibu la chanzo hicho.

Kwa hiyo mzazi anayerudi nyumbani leo anaweza kuandika mistari minne katika daftari la mtoto wake: uzito wa karibuni; mililita za parasetamoli kwa chupa iliyopo; mililita za ibuprofeni, kama mhudumu ameiruhusu; na namba ya simu ya mwenye gari atakayekubali kutoka usiku. Mtoto akifika alama 7, au akibaki 4 na zaidi saa moja baada ya dawa za kidato cha kwanza, mstari wa nne ndio unaofuata.

Wahamasishaji wa afya ya jamii watasaidia kukokotoa mililita hizo kwa kila familia itakayofika na chupa na kijitabu cha kliniki.